Bima ya ng'ombe Masisi: risasi je?

Sheria ya mwaka 2015 ilimaliza ukiritimba wa SONAS na kufungulia makampuni mengine mlango wa bima nchini Kongo. Kampuni itakayoleta bima ya ng'ombe Masisi na Walikale ina deni la ukweli kwa mfugaji mdogo.

Bima ya namna hiyo kwa kawaida hulipa kifo cha ugonjwa, ajali au radi. Ng'ombe akipigwa na radi usiku, mwenyewe apige simu asubuhi ileile, kwani mikataba mingi hutoa saa 24 tu. Asimchune wala kugawa nyama kabla ya daktari wa mifugo kusoma namba ya hereni sikioni. Hereni ikidondoka malishoni, kampuni ijulishwe mara moja, ng'ombe avalishwe nyingine. Bila namba, hakuna uhakika kwamba aliyekufa ndiye aliyelipiwa.

Lakini mikataba mingi huacha nje vita, na huku ng'ombe wanauawa kwa risasi na kuporwa. Kampuni isiyolipa kifo hicho iseme wazi, kwa Kiswahili, kabla mfugaji hajatia kidole.