Dola ilishuka, mbona beyi ya mchele ilibaki juu?

Kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba 2025, dola moja iliyokuwa inakaribia franka 2.900 ilishuka mpaka karibu 2.300. Benki Kuu ya Kongo, ikiongozwa na gavana André Wameso, iliuza dola kwa mabenki na kuchunga franka zisijae sokoni. Dola zikiwa nyingi na franka zikiwa haba, mwenye franka ndiye anayetafutwa.

Lakini katika maduka beyi hazikufuata. Jambo hilo linatugusa hapa Uvira, kwani vitu vingi tunavyokula na kuvaa vinashushwa bandarini Kalundu ama vinapita Kavimvira kutoka Bujumbura.

Tuchukue mfuko wa mchele. Tuseme mfanyabiashara ameununua dola 20 na anauuza dola 22. Dola ikiwa 2.850, mnunuzi analipa franka 62.700. Ikiwa 2.300, angelipa 50.600. Duka likibakia na 62.700, mwenye duka anapata zaidi ya dola 27, na faida yake ya dola 2 inakuwa 7.

Atajibu: «Niliununua kwa dola ya zamani.» Ni kweli alitoa franka 57.000 kupata zile dola 20. Lakini kwa kiwango cha 2.300, franka 50.600 zinampa tena dola 22, analeta mfuko mwingine na zinabaki 2. Anayeumia kweli ni yule aliyekopa kwa franka: deni lake limebaki 57.000, na mauzo hayalifikii. Huyo tumwelewe. Wengine wanaogopa dola isipande tena kabla ya mzigo kufika, na kwa miaka ambayo franka imeanguka, woga huo si wa bure.

Kuna sababu nyingine inayosahauliwa. Mzigo wa Kigoma unanunuliwa kwa shilingi, na shilingi ya Tanzania nayo ilipanda mwaka huohuo: dola iliyotoa zaidi ya shilingi 2.600 katikati ya mwaka ilitoa chini ya 2.500 mwezi wa Oktoba. Basi kwa mzigo wa huko, sehemu ya nafuu ililiwa njiani. Sehemu tu, si yote.

Mama anayetumiwa dola 100 na mtoto wake aliye ng'ambo ndiye alipigwa zaidi. Zamani alipata franka 285.000, mifuko minne na nusu. Dola iliposhuka alipata 230.000, na kwa beyi ileile haikufika hata minne. Mwalimu anayelipwa kwa franka hakupoteza, ila nafuu yake ilibaki dukani.

Kwa hiyo tunaomba idara ya uchumi ilazimishe kila duka kuandika mlangoni kiwango linachotumia. Wizi ulijulikana hapo: ukilipa kwa dola, duka liliipokea kwa 2.300, ukilipa kwa franka, beyi ya mfuko uleule ilihesabiwa kwa 2.850.