Friji lako linakula uniti ngapi?

KAUNTA YA MTAANI
Na Mwanahamisi Kombo

Mwezi uliopita niliuza friji, na nusura lilale ukutani kwangu mpaka Ramadhani. Kosa halikuwa la friji. Lilikuwa la sentensi yangu moja, ile ya kwanza.

Nilipiga picha tatu, nikaziweka Instagram na kwenye makundi mawili ya WhatsApp, na chini yake nikaandika hivi: "Habari zenu wapendwa! Nauza friji langu, ni zuri sana, safi kama jipya, sababu ya kuuza ni kuhama. Mwenye nia ya kweli tu aje inbox." Nikaweka simu chini, nikasubiri wenye nia ya kweli.

Walikuja. Kwa siku nne nilijibu watu hadi kidole kikauma. Anakuja mmoja, "Mambo dada, bei?" Namjibu. "Linakula umeme kiasi gani?" Namjibu kwamba halili sana. Kimya. Anakuja mwingine, salamu, bei, umeme, kimya. Wa tatu alikuwa mama wa makamo kwa picha yake, akaanza moja kwa moja, "Mwanangu, LUKU inasemaje?" Nikamwambia, "Mama, ni la kawaida tu." Akanijibu "haya", na ukishaambiwa "haya" na mama wa Kiswahili ujue biashara imekwisha.

Jumatano usiku nikakaa na mpwa wangu, anayeuza viatu vya mtumba kwa simu na kuishi kwa hiyo kazi, tukayapitia mazungumzo ishirini ya mwisho. Aliniambia nisihesabu swali la kwanza, kwa sababu la kwanza karibu kila mara ni bei, na bei nilikuwa nimeificha mwenyewe. Nihesabu swali ambalo mtu akishajibiwa ndipo anapoamua kubaki au kuondoka. Tukahesabu. Kumi na tatu waliuliza umeme. Wanne waliuliza ukubwa. Watatu hawakuvuka salamu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini nahama, na hilo ndilo nililokuwa nimewaeleza wote.

Mtu wa Dar es Salaam haulizi umeme kwa udadisi. Wateja wa majumbani walio kwenye tarifa ya matumizi madogo, yaani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hununua umeme kwa bei iliyo chini sana kuliko ya wenzao. Friji moja la kizembe linaweza kumtoa mtu humo. Halafu kuna nyumba za kupanga zenye LUKU moja kwa vyumba sita. Humo mwenye friji ni mshitakiwa wa kudumu. Uniti zikiisha tarehe ishirini, wapangaji wote wanatazama mlango wake. Anayeuliza friji linakula kiasi gani anataka kujua atawaambia nini wenzake uani.

Na mimi namjibu "la kawaida tu".

Nikasema basi niandike wati. Nyuma ya friji kuna kibati kinachoonyesha volti, aina ya gesi na wati, na changu kilisema wati 100. Mpwa wangu akacheka. Wati peke yake itakufukuzia wateja, alisema, na yuko sahihi. Mtu atachukua wati 100, atazidisha kwa saa 24, apate uniti 2.4 kwa siku, uniti 72 kwa mwezi, akimbie. Lakini friji halifanyi kazi saa zote 24. Kompresa inawaka, inapoza, inajizima, inapumzika, inawaka tena. Ule mngurumo unaousikia usiku ukikatika ghafla ndio kupumzika kwenyewe. Wati inasema friji linavuta kiasi gani linapokuwa limewaka. Mnunuzi anauliza kuhusu mwezi mzima.

Mafriji yaliyotoka Ulaya huwa na stika ya rangi, kijani juu na nyekundu chini, yenye namba iliyoandikwa kWh kwa mwaka. kWh moja ndiyo uniti moja ya LUKU. Langu lilikuwa nayo bado, upande wa ndani wa mlango: 274. Gawa kwa 365, unapata uniti 0.75 kwa siku. Nilifurahi, nikataka kuiandika hivyo hivyo. Ningekuwa muongo bila kukusudia. Stika hizo za zamani zilipimwa kwenye chumba cha nyuzi 25, na friji likiwa jipya. Jikoni kwangu mchana wa jua kali ni zaidi ya 30, na mpira wa mlango una umri wa mtoto wa darasa la tano. Friji la pwani linafanya kazi ngumu kuliko stika yake.

Kwa hiyo tukapima, na kipimo kila mwenye LUKU yake anacho ukutani. Friji linaachwa liwake kwanza mpaka lipoe kabisa, kwa sababu likianza kupimwa likiwa la moto litakula zaidi ya kawaida yake. Tukaliacha na vitu vyake vya siku zote, chupa za maji, samaki, sufuria ya maharage. Ijumaa saa moja jioni tukazima kila kitu kingine ndani, taa, feni, televisheni ikachomolewa kabisa na si kuzimwa kwa rimoti, chaja zote zikatolewa. Nikasoma uniti zilizobaki: 46.3. Usiku ule tulikula kwa taa ya simu na kulalamika joto. Kesho yake saa moja jioni nikasoma tena: 45.2. Uniti 1.1 kwa siku, sawa na 33 kwa mwezi. Umeme ukikatika katikati, kipimo hicho kimekufa, unaanza upya; sisi tulikuwa na bahati. Wenye mita ya pamoja hawana njia hii, labda waazime mahali pa kulichomeka.

Uniti 33 si kidogo. Karibu nusu ya zile 75. Nilitamani kuifunika namba hiyo, kuisogeza chini kabisa baada ya kusifia droo za mboga. Mpwa wangu akakataa. Mwenye hofu ya uniti 33 hatalinunua hata ukimficha, ataigundua kwenye swali la pili na utakuwa umempotezea muda na kujipotezea wako. Na yupo ambaye friji lake la sasa linakula mbili kwa siku, naye akiona 1.1 atapiga simu.

Tukaandika hivi:

"Friji linalokula uniti 1.1 kwa siku, kama 33 kwa mwezi, nimepima kwa LUKU. Lita 210, milango miwili, Sh380,000, Tabata."

Herufi 119, pamoja na nafasi na vituo. Nimezihesabu kwa sababu Instagram hukata maandishi baada ya herufi 125 hivi, yaliyobaki yanafichwa mpaka mtu aguse. Mtu anayeteremsha picha kwa kidole gumba ndani ya daladala hagusi. Tangazo langu la kwanza lilikuwa limetumia nafasi hiyo yote kwa salamu na sababu ya kuhama, na sikuwa nimetaja hata eneo.

Tazama pia jinsi sentensi ilivyopangwa. Namba imekuja kabla ya sifa, na baada ya namba imekuja njia iliyopatikana. "Nimepima kwa LUKU" ni maneno matatu tu, lakini ndiyo yanayoitofautisha namba yangu na "halili sana" ya kila muuzaji. Msomaji anaijua mita ile. Anaweza kuja kunitaka nimwonyeshe, na mmoja alitaka.

Najua kuna wauzaji watakaonibishia. Hoja yao naisikia tangu nikiwa binti wa Kariakoo: usimwambie mteja kila kitu, mwache aulize, akiuliza umemshika. Kariakoo hoja hiyo ina mashiko. Pale mteja amekwisha panda gari, amelipa nauli, amesimama mbele yako jua likimchoma, kuondoka kunamgharimu. Kwenye simu kuondoka ni bure. Anayekulazimisha uulize bei na umeme ndiye anayekusukuma kwa jirani yake aliyeandika. Na hao wa "bei inbox" nawaambia wazi, mnawachosha watu.

Swali hubadilika na bidhaa, hilo sharti ulijue kabla ya kunakili sentensi yangu. Friji langu lingekuwa limetoka Japani, neno la kwanza lingekuwa volti, maana kule umeme wa nyumbani ni volti 100 na hapa ni 230, na asiyejua atalichomeka liungue siku ile ile. Kwa viatu vya mpwa wangu ni namba, na yeye ameongeza urefu wa soli ya ndani kwa sentimita kwa sababu namba 42 za viwanda viwili hazilingani. Kiwanja, watu wanauliza kama kimepimwa. Chumba cha kupanga, wanauliza kodi ya miezi mingapi, na wakishajibiwa wanauliza, nanyi mmeshalijua, kama LUKU ni ya kujitegemea.

Utajuaje kama sentensi imefanya kazi? Usitazame idadi ya waliopenda picha. Tazama wanachouliza sasa. Baada ya kubadilisha tangazo, waliokuja walikuwa wachache kuliko mwanzo, na kwa saa chache nilidhani nimeharibu. Ila maswali yalikuwa yamehama. Karibu hakuna aliyeuliza umeme. Waliuliza kama mlango wa juu unafunga vizuri, na "mwisho shilingi ngapi?", swali ambalo mtu haulizi kitu asichokitaka. Mmoja tu aliuliza tena umeme, nikakuta ni kwenye kundi ambalo nilikuwa nimeyabandika maneno juu ya picha kwa herufi nyeupe, kwenye friji jeupe. Hayakusomeka. Nikayaandika chini, swali likaisha.

Friji liliondoka Jumamosi iliyofuata saa nne asubuhi kwa Sh350,000. Aliyelinunua ni yule mama wa "haya". Alikuja na kirikuu, akaenda moja kwa moja kwenye mita yangu, akaisoma, kisha akauliza kama nina kamba.