Barua ya kuacha kazi: kutoka daftari la Kiswahili mpaka Kiingereza



Juma lililopita mwenzetu mmoja wa hapa Lubumbashi alituletea ukurasa wa daftari. Ametimiza miaka 6 akiwa mhasibu katika kampuni ambayo wakubwa wake wanaandikiana kwa Kiingereza. Sasa amepata kazi nzuri zaidi Lusaka. Mawazo yake aliyaandika kwa Kiswahili, nasi tukakaa naye kuyageuza barua. Tuwaambie tulipokwama, maana wengine watapita njia hiyo.

Mstari wake wa kwanza ulisema: "Naomba kuacha kazi." Kwetu hiyo ni heshima. Lakini kwa Kiingereza, mwenye kuomba anangoja jibu, na mkubwa anaweza kukataa au kunyamaza tu. Sheria yetu ya kazi haidai ruhusa. Inadai taarifa ya maandishi, na muda wa preavi. Kwa hiyo tuliandika: "Ninawajulisha kwamba ninaacha kazi."

Alikuwa amejaribu Kiingereza mwenyewe, akatumia neno lile la kuondoka. Kumbe neno hilo hilo ni konje pia! Mkubwa angesoma kwamba mama anataka kupumzika, kisha atarudi. Tulitia neno lingine, linalosomeka "rizain", ambalo maana yake ni kuacha kazi kabisa.

Kisha daftari lilisema: "Nitamaliza mwisho wa mwezi." Hapo tulichukua kalamu. Mwajiri akimwachisha mtu, anampa preavi ya siku 14 za kazi, na siku 7 juu yake kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi akiacha mwenyewe, anatoa nusu yake. Kwa miaka 6, ni 14 na 42, yaani 56; nusu ni siku 28. Jumamosi inahesabiwa, Siku ya Mungu na sikukuu hazihesabiwi. Hesabu inaanza kesho yake ya kutoa barua. Akiitoa Jumatatu tarehe 2 Juni, tunaanza tarehe 3, tunaruka tarehe 30 Juni ya uhuru, na siku ya mwisho inakuwa Jumamosi tarehe 5 Julai. Mwisho wa mwezi ungemfikia kabla hajamaliza deni lake la siku. Lakini kila mmoja asome kwanza mkataba wake, kwa sababu makadre wanaweza kuwa na hesabu nyingine.

Mistari mitatu ilikuwa ya uchungu: kunyimwa nyongeza, na kugombezwa mbele ya watu. Tulimsikiliza, kisha tukaifuta pamoja naye. Barua inabaki katika dosie yake, na kesho Lusaka wanaweza kupiga simu kuuliza habari zake. Mshahara mpya pia hatukuutaja.

Jambo ambalo hakuliandika kabisa ndilo lilitutia woga zaidi: sanduku la pesa. Mhasibu akiondoka bila makabidhiano, shimo lolote litakaloonekana baadaye litaitwa lake. Tuliongeza kwamba atahesabu pesa mbele ya mkubwa na mtu atakayempokea, dola peke yake na franga peke yake, halafu wote watatu watie sahihi. Atalinganisha vitabu vyake na karatasi ya banki, ataacha orodha ya fakture zisizolipwa, atarudisha funguo, na ataomba jina lake litolewe kati ya wenye kutia sahihi banki.

Tukiirudisha kwa Kiswahili, barua inasema hivi:

"Bwana Mkurugenzi,
Ninawajulisha kwamba ninaacha kazi yangu ya uhasibu. Siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe 5 Julai, baada ya preavi ya siku 28 za kazi. Kabla ya siku hiyo nitakabidhi sanduku, vitabu, funguo na orodha ya madeni mbele ya mtu mtakayemchagua. Ninaomba malipo ya siku za konje zilizobaki, pamoja na cheti cha mwisho wa kazi. Asante kwa miaka 6 tuliyofanya kazi pamoja."

Mnaona, kuomba kumebaki mahali pake: anaomba haki zake, haombi ruhusa.

Tulichapa nakala mbili. Kwenye ile anayobaki nayo, sekretere ataandika tarehe ya kupokea na kutia sahihi. Bila hiyo, siku 28 hazina mwanzo wa kuonyesha. Tulifanya pia nakala ya Kifaransa, kwa sababu palabre ikifika kwa inspekta wa kazi, Kifaransa ndicho atakachosoma.

Mwenye daftari lake alilete Jumamosi. Tutakaa naye pia.