Staa Wetu, Mwanao Hana Akili Kuliko wa Kishapu. Ana Mtaji Tu!

Wadau, wiki hii kuna staa mmoja wa Bongo (jina tunaliweka kapuni, wenyewe mnamjua kwa mikoba yake) kaposti klipu ya bintiye wa miaka tisa akimwaga Kiingereza kama katoka Landani. Hapo hatuna neno, mtoto ni mzuri na anajua kujieleza, hongera kwa mama. Shida ni maneno aliyoyaweka chini ya klipu. Kasema watoto wa mkoani wanapata sifuri kwa sababu ya uvivu na wazazi wasiojua thamani ya shule, na kwamba akili ni za kuzaliwa. Laiki zikamiminika. Komenti za "umemaliza mama" hazihesabiki.

Sasa leo sisi tunabisha.

Tuchukue watoto wawili wa kufikirika. Mmoja anaishi Mbezi Beach na anasoma ingilishi midiamu. Mwingine yuko kijiji fulani kule Kishapu, Shinyanga, shule ya msingi ya serikali. Wote wako darasa la saba na wote wamefundishwa mmeng'enyo wa chakula. Ukimuuliza wa Kishapu kwa Kiswahili, anakupa yote bila kukwama: chakula kinaanza kumeng'enywa mdomoni, mate yanaanza kuvunja wanga, tumboni protini zinaanza kuvunjwa, kisha utumbo mwembamba unamalizia kazi na virutubisho vinafyonzwa kwenda kwenye damu. Hiyo ni sayansi safi. Mtihani wa darasa la saba anaufanya kwa Kiswahili, maswali mengi ni ya kuchagua jibu, anasiliba herufi, anafaulu. Mpaka hapo hana tofauti na binti wa staa.

Januari inayofuata anaingia kidato cha kwanza, sekondari ya kata. Mada ni ileile ya mmeng'enyo, ila kitabu kizima ni Kiingereza. Mate yana jina jipya, utumbo una jina jipya, wanga una jina jipya, hata neno "eleza" lenyewe lina jina jipya. Kwa miaka mingi mtoto wa shule ya serikali alikuwa anakutana na Kiingereza kwa mara ya kwanza darasa la tatu, kama somo moja tu, vipindi vichache kwa wiki, mara nyingi kwa mwalimu ambaye mwenyewe anakitafuta. Halafu ghafla karibu masomo yote yanahamia huko. Kuna kozi fupi ya kumwandaa mwanzoni mwa kidato cha kwanza, wiki kadhaa hivi. Mwenzake wa Mbezi amepewa miaka saba.

Ukitaka kujua mambo yameharibika, usisubiri matokeo ya kidato cha nne. Kaa nyuma ya darasa la kidato cha pili uangalie. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, maana anajua bila hivyo anaongea na ukuta. Baadaye anaandika notsi kwa Kiingereza ubaoni. Watoto wananakili, wanakwenda nyumbani kukariri. Swali likija vilevile kama notsi, mtoto anapata. Mtunzi akiligeuza kidogo, mtoto hajui ameulizwa nini, na utamkuta amelinakili swali kwenye nafasi ya jibu. Mwalimu wa Baiolojia anampa sifuri, wakati mtoto Baiolojia anaijua! Alichofeli ni lugha, ila kwenye cheti inaandikwa Baiolojia.

Na kidato cha nne siyo kusiliba tena. Huko kuna insha, unatakiwa upange hoja na kujieleza kwa kurasa. Aliyezoea kuongea na baba yake kwa Kiingereza mezani anatiririka tu.

Kuna Mfaransa mmoja, Pierre Bourdieu, yeye na mwenzake Jean-Claude Passeron waliliandika hili mwaka 1964 kuhusu wanafunzi wa kwao Ufaransa. Hoja yao kwa lugha ya mtaani ni hii: mzazi harithishi pesa na nyumba tu. Anarithisha pia namna ya kuongea, vitabu vya sebuleni, mazoea ya kuuliza na kujibu watu wazima bila woga. Huo ndio mtaji wa utamaduni. Shule inaupima mtaji huo kila siku, ila haisemi inapima mtaji. Inauita "akili" au "kipaji". Aliyerithi anasifiwa kana kwamba kajitafutia, asiyerithi anaondoka akiamini yeye ni mjinga.

Rudi kwenye ile klipu uitazame upya. Mtoto anaulizwa anataka kuwa nani, anamtazama mama machoni na kujibu kwa kujiamini. Kishapu mtoto amelelewa kwamba kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu. Huyo hajakosa malezi, kalelewa vizuri tu. Ila akifika kwenye usaili, adabu ileile inaandikwa "hajiamini".

Najua mtasema: "Mbona fulani katoka kijijini na leo ni profesa?" Kweli kabisa, wapo. Serikali ina shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe na Kilakala, na watoto wa wakulima wamepita humo wakang'ara. Ila shule hizo zinachagua wachache waliofaulu zaidi darasa la saba. Mmoja akivuka mto kwa kuogelea, usiwaambie waliozama kwamba daraja halihitajiki.

Na tusidanganyane kwamba ni ramani tu. Mtoto wa mama ntilie pale Mbagala, aliyebanana darasani na wenzake wengi kwenye shule ya serikali, anapigwa na ukuta uleule wa lugha akifika kidato cha kwanza. Na mtoto wa bosi aliyehamishiwa mkoani haendi shule ya kata. Kijiji kinaongeza uzito tu: mwendo mrefu wa kwenda shule, walimu wachache wa sayansi, jioni ng'ombe na kuni, tuisheni hakuna. Msingi wake ni tabaka.

Ada ilifutwa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na watoto wengi waliingia darasani. Safi sana. Ila ada ilikuwa mlango wa nje. Mlango wa ndani ni lugha, na huo umebaki umefungwa. Sera ya elimu ya 2014 iliwahi kutamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, Kiingereza nacho kiendelee kutumika. Toleo la 2023 likabakiza Kiingereza sekondari. Basi angalau mtahiniwa apewe karatasi ya Baiolojia kwa lugha zote mbili, achague ya kujibia. Na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, na walimu wanaokijua kweli. Anayeogopa hilo atuambie anaogopa nini, maana wa Mbezi hatapungukiwa hata alama moja. Atakachopoteza ni kuwa peke yake mbele.

Kwa hiyo staa wetu, endelea kumposti mtoto, tunampenda. Ila lile neno "uvivu" lifute. Mwanao amekimbia mita mia akianzia mita ya sabini, halafu unawacheka walioanzia sifuri.

Haya wadau, tupeni ukweli kwenye komenti: ulipoingia kidato cha kwanza, ilikuchukua muda gani kuelewa mwalimu anasema nini?