Fedha Zisizotumika Si Akiba

Katika mikutano ya wazazi wa shule zetu, swali linaloulizwa mapema kabisa kuhusu jengo jipya ni lile la kiasi cha fedha kilichotumika. Mweka hazina husimama, akataja kiasi kilichopangwa na kiasi kilichotoka, na ikiwa cha pili ni kidogo kuliko cha kwanza, wazazi hupiga makofi wakarudi makwao wameridhika. Twadiriki kusema kwamba makofi hayo aghalabu hupigwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa fedha ambazo hazijatumika zaweza kuwa akiba, na zaweza pia kuwa dalili ya kazi ambayo haijafanywa.

Ili msomaji atuelewe, na tutunge mfano wa shule moja ya msingi huko Mwiki, upande wa Ruiru. Tangu mwaka 2023, wanafunzi wa sekondari msingi nchini Kenya wamekuwa wakisomea katika shule za msingi, na shule nyingi zimelazimika kutafuta vyumba vya kuwaweka. Tuseme shule yetu iliamua kujenga madarasa manane, manne chini na manne juu, kwa shilingi milioni 12 na kwa muda wa miezi 12. Ratiba ilieleza kwamba kufikia mwisho wa mwezi wa 6, kazi tatu ziwe zimekamilika: msingi wa shilingi milioni 2.4, kuta na nguzo za chini za shilingi milioni 1.8, na sakafu ya zege ya orofa ya juu ya shilingi milioni 1.8 vilevile. Jumla ni milioni 6.

Mwezi wa 6 ukatimia. Msingi umekwisha na kuta zimesimama, lakini zege la orofa halijamwagwa. Fedha zilizotumika ni milioni 5.6. Mweka hazina wetu, bila nia yoyote mbaya, anatangaza kwamba shule imeokoa shilingi 400,000.

Hapo ndipo hesabu ya thamani iliyochumwa inapoingia. Hesabu hii si ngeni duniani, kwani mwaka 1967 Idara ya Ulinzi ya Marekani iliwaagiza wakandarasi wake wakubwa wafuate kanuni zake. Msingi wake ni kwamba kiasi kilichopangwa na kiasi kilichotumika havitoshi. Yahitajika namba ya tatu, nayo ni thamani ya kazi iliyokwisha kufanywa, ikipimwa kwa bei ya bajeti ya awali na wala si kwa bei tuliyolipa. Katika mfano wetu, msingi na kuta vina thamani ya 2.4 na 1.8, yaani milioni 4.2. Hiyo ndiyo thamani iliyochumwa.

Sasa namba zote tatu zi mezani. Tukigawanya thamani iliyochumwa kwa gharama halisi, twapata fahirisi ya gharama, ambayo wahandisi huiandika CPI. Tukiigawanya kwa thamani iliyopangwa, twapata fahirisi ya ratiba, yaani SPI.

```
CPI = 4.2 / 5.6 = 0.75
SPI = 4.2 / 6.0 = 0.70
```

Fahirisi ikiwa 1, mambo yanakwenda kama yalivyopangwa, na ikiwa chini ya 1, kuna upungufu. Kwa hiyo kila shilingi iliyotoka mfukoni mwa mzazi imeleta kazi ya senti 75 tu, na kazi iliyofanywa ni asilimia 70 ya ile iliyopaswa kuwa imefanywa. Zile shilingi 400,000 hazikuokolewa na mtu yeyote. Kazi ya shilingi milioni 1.8 haijaanza, na ile iliyofanywa imezidi bei yake kwa shilingi milioni 1.4.

Kutokana na fahirisi hiyo, wengi hukimbilia utabiri mmoja: wanagawanya milioni 12 kwa 0.75, wanapata milioni 16, kisha wanatangaza kwamba hiyo ndiyo bei ya mwisho. Hapa pia yafaa kusita, maana fahirisi hueleza kilichotokea bila kueleza sababu yake. Tuifungue kazi moja moja. Msingi uliopangiwa milioni 2.4 uligharimu milioni 3.6, kwa sababu mafundi walikuta udongo mweusi, ule unaovimba unyeshewapo na kupasuka ukaukapo, ikabidi wauchimbe na kuuondoa hadi wafike kwenye mwamba. Fahirisi ya msingi peke yake ni 0.67. Kuta zilizopangiwa milioni 1.8 ziligharimu milioni 2, kwa sababu bei ya mawe na ya kuyasafirisha ilipanda. Fahirisi ya kuta ni 0.90.

Je, kazi iliyobaki itafanana na msingi au itafanana na kuta? Udongo mweusi umekwisha kuondolewa, na hakuna udongo mwingine juu ya orofa. Bei za vifaa, kwa upande mwingine, hazijashuka. Kazi iliyobaki ina thamani ya milioni 7.8, na tukiigawanya kwa 0.90 twapata takriban milioni 8.7. Tukijumlisha na milioni 5.6 zilizokwisha kutumika, bei ya mwisho yafikia milioni 14.3. Huo ndio utabiri wa mtu aliyeuliza sababu. Milioni 16 ni hofu iliyopita kiasi, na milioni 12 ni ndoto.

Kwamba ni ndoto, hesabu yenyewe yathibitisha. Zimebaki milioni 6.4 kufanya kazi ya milioni 7.8. Ukigawanya 7.8 kwa 6.4 wapata 1.22, yaani kila shilingi iliyobaki ingelazimika kuzaa kazi ya shilingi moja na senti 22. Jengo ambalo tangu lianze halijawahi kuvuka 0.90 haliwezi kurukia 1.22 kwa sababu tu mwenyekiti ameahidi kukaza uzi.

Ni wajibu wetu kumwonya msomaji dhidi ya mitego miwili. Wa kwanza umo katika kupima kazi iliyofanywa. Tuseme mkandarasi anadai kwamba sakafu ya orofa imefika nusu, kwa kuwa vyuma vimeletwa uwanjani. Bodi ikikubali, thamani iliyochumwa yaongezeka kwa shilingi 900,000 na kuwa milioni 5.1, na fahirisi ya gharama yapanda kutoka 0.75 hadi 0.91 bila hata ndoo moja ya zege kumwagwa. Dawa yake ni kukubaliana kabla ya kazi kuanza jinsi kila sehemu itakavyohesabiwa. Kwa sehemu fupi, kanuni iliyo salama ni kutoihesabia lolote mpaka itakapokamilika na kukaguliwa na mkadiriaji majenzi. Vilevile, vifaa vilivyochukuliwa kwa deni na kutumika lazima viingizwe katika gharama hata kama ankara haijalipwa. La sivyo tunahesabu kuta na kusahau mawe.

Mtego wa pili umo ndani ya fahirisi ya ratiba yenyewe, na mfano wake u mbele ya macho ya kila mkazi wa Mwiki atokaye Githurai kwenda mjini. Barabara kuu ya Thika ilianza kupanuliwa mwaka 2009, ikigawanywa sehemu tatu kwa kampuni tatu za Kichina. Ilitarajiwa kukamilika mwaka 2011, lakini Rais Mwai Kibaki aliizindua tarehe 9 Novemba 2012, na gharama ilikuwa imepanda kutoka takriban shilingi bilioni 27 hadi zaidi ya bilioni 31. Sasa mwanafunzi na ajiulize: siku mradi kama huo unapokamilika, fahirisi yake ya ratiba ni ngapi? Kazi yote iliyopangwa imefanywa, kwa hiyo thamani iliyochumwa ni sawa na thamani iliyopangwa, na jibu ni 1. Mradi uliochelewa waonekana kana kwamba haukuchelewa hata siku moja.

Sababu ni kwamba fahirisi hiyo hupima ratiba kwa shilingi badala ya kuipima kwa miezi. Mradi uliochelewa unapokaribia mwisho, namba hupanda yenyewe kuelekea 1, na haifai kuaminiwa katika theluthi ya mwisho ya kazi. Mwaka 2003 Mmarekani Walt Lipke alipendekeza njia iliyo nyofu zaidi, ya kuuliza ni lini kazi tuliyo nayo leo ilipangwa iwe imefikiwa. Katika shule yetu, kuta zilipangwa kumalizika katikati ya mwezi wa 5, yaani baada ya miezi 4.5. Sisi tumezimaliza mwezi wa 6. Gawanya 4.5 kwa 6, upate 0.75. Ukigawanya miezi 12 kwa 0.75, jengo litakamilika mwezi wa 16, ikiwa mwendo hautabadilika. Kipimo hiki hakitajisahihisha chenyewe siku ya kukata utepe.

Huenda mtu akasema kwamba hesabu hizi ni za wahandisi, na kwamba bodi ya shule ina mambo mengine ya kufikiria. Sisi hatukubali. Yaliyomo ndani yake ni kugawanya na kujumlisha, mambo ambayo mwanafunzi wa gredi ya 7 anayangoja darasa hilo anayajua. Isitoshe, mwezi wa 6 ndio wakati ambao majibu yangali na faida. Zege la orofa halijamwagwa, kwa hiyo bodi ingali na hiari mbili. Yaweza kuwaeleza wazazi waziwazi kwamba zinahitajika milioni 2.3 zaidi na miezi minne ya ziada, wakaamua kama wanaweza. Au yaweza kuezeka yale madarasa manne ya chini, wanafunzi waingie, na orofa ingoje fedha, ikiwa msingi uliokwisha kujengwa utaubeba uzito huo siku itakapofika. Zege likimwagwa leo kwa fedha zisizotosha, hiari ya pili itakuwa imepotea, na huenda shule ikabaki na nguzo zinazoota kutu juu ya madarasa yasiyo na milango.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa hiyo twawaomba walimu wanaoketi katika bodi hizi wakatae taarifa yoyote ya ujenzi yenye namba mbili pekee. Anayesema kilichopangwa na kilichotumika hajasema kitu, mpaka aseme pia ni kazi ya shilingi ngapi imefanywa, na nani aliyeipima.