Ruhusa Hufa, Deni Hubaki: Madai Matano Mkataba wa Chapa Unapokwisha

Anayeendesha mgahawa, kituo cha mafuta au ofisi ya vifurushi kwa jina la kampuni nyingine hulipia ruhusa. Hutoa ada ya kuingia, kisha kila mwezi hulipa mrabaha, ambao kwa kawaida ni asilimia fulani ya mauzo, si ya faida. Huu ndio mkataba wa franchaizi, na ndugu yake wa karibu ni leseni ya chapa. Siku ya kutia saini watu huuliza ada ni kiasi gani na eneo lao ni lipi. Kurasa za nyuma, zinazoeleza mambo yatakavyokuwa mkataba ukiisha, husomwa siku barua ya kusitisha inapofika, na hapo ndipo madai yafuatayo huanza kusikika.

Dai la kwanza: "Bango nililigharamia mwenyewe, kwa hiyo ni langu."

Nguzo, taa na bati ni mali yako, kama mkataba hausemi vinginevyo. Jina na nembo vilivyochorwa juu yake havikuwa vyako hata siku moja. Ulipewa ruhusa ya kuvionyesha, na ruhusa hiyo hukoma mkataba unapokoma. Kwa hiyo unaweza kubaki na nguzo ukaweka uso mpya, lakini huwezi kuacha uso wa zamani ukining'inia kwa sababu fundi bado hajapata nafasi. Kufunika bango kwa turubai hukubalika kwa siku chache tu, tena pale mwenye chapa aliporidhia kwa maandishi.

Wengi hushusha bango la barabarani wakadhani kazi imekwisha. Mikataba mingi hudai kuondolewa kwa kila kinachomfanya mteja aamini kwamba duka bado ni lile lile: rangi za ukuta, umbo la kaunta, sare za wahudumu, mpangilio wa menyu. Mwonekano wa mgahawa peke yake unaweza kulindwa na sheria. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo katika kesi ya migahawa miwili ya vyakula vya Kimeksiko, Taco Cabana na Two Pesos, ambayo majina yake hayakufanana hata kidogo.

Jina hubaki pia pasipoonekana barabarani. Hubaki kwenye risiti, kwenye jina linalomtokea mteja anapolipa kwa lipa namba, kwenye ramani ya Google, kwenye ukurasa wa Instagram na kwenye magari ya kupeleka bidhaa. Kinga yako ni kupiga picha zenye tarehe za kila mahali palipobadilishwa, kisha kuzituma kwa mwenye chapa pamoja na barua. Bila picha, akija mkaguzi wao miezi miwili baadaye na kukuta kibandiko kimoja mlangoni, utashindwa kuthibitisha kwamba vingine vyote viliondoka kwa wakati.

Dai la pili: "Jina hilo nimelisajili Brela, hawawezi kuninyang'anya."

Kwa Tanzania Bara, Brela husajili kampuni, majina ya biashara na alama za biashara, lakini hivi ni vitu vitatu tofauti. Jina la biashara huonyesha nani anaendesha shughuli kwa jina gani. Halikupi umiliki wa chapa. Umiliki huo hutokana na usajili chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na Zanzibar ina usajili wake yenyewe. Nchini Kenya alama husajiliwa na taasisi ya mali za ubunifu, Kipi, wakati kampuni husajiliwa kwingine.

Kwa hiyo kama wakati wa kuanza uliita kampuni yako kwa jina la chapa ukiongeza "Mwanza" au "Nakuru", mkataba karibu kila mara utakutaka ubadilishe jina hilo. Badiliko hilo hufuatwa na mengine: leseni ya biashara, taarifa za mlipakodi, akaunti ya benki na mkataba wa pango. Mwombe wakili aanze nalo mapema, kwa sababu fundi wa bango hutumia siku moja, ila makaratasi ya jina hutumia wiki.

Dai la tatu: "Ni haki yangu kupewa muda wa kumaliza mzigo uliobaki."

Ni haki yako ikiwa tu imeandikwa. Baadhi ya leseni, hasa za nguo na vitu vya nyumbani, hutoa miezi mitatu au sita ya kuuza kilichobaki, huku mrabaha ukiendelea kulipwa. Nyingi huondoa nafasi hiyo ikiwa mkataba umevunjwa kwa kosa la mwendeshaji. Mahali mkataba uliponyamaza, usidhani kimya hicho ni ruhusa.

Muda wa mpito hujadiliwa na hulipiwa. Barclays ya Uingereza ilipopunguza hisa zake katika benki yake ya Afrika mwaka 2017, makubaliano ya kutengana yaliruhusu jina la Barclays liendelee kutumika katika nchi za Afrika kwa miaka mitatu, hadi katikati ya 2020. Matawi ya Kenya na Tanzania yakawa Absa Februari 2020, kabla ya muda kwisha. Wateja waliona mabango, kadi na programu za simu vikibadilika hatua kwa hatua kwa sababu kalenda ilikuwa imekubaliwa tangu mwanzo.

Urusi mambo yalikwenda mbio. McDonald's ilitangaza kuondoka Mei 2022, ikauza migahawa yake kwa mtu aliyekuwa tayari anaendesha baadhi yake Siberia, lakini ikabaki na alama zake. Tarehe 12 Juni migahawa ya kwanza ilifunguliwa Moscow kwa jina jipya. Mnunuzi alikuwa na majengo, majiko na wafanyakazi, lakini hakuweza kuuza "Big Mac". Wateja walipewa vipakiti vya mchuzi ambavyo nembo ya zamani ilikuwa imefutwa kwa kalamu nyeusi. Hivyo ndivyo shehena hushughulikiwa pasipo muda wa kuimaliza: kuficha nembo, kurudisha au kuharibu, na gharama ni ya aliyeishika shehena.

Dai la nne: "Wao ndio waliokosea, kwa hiyo nitaendelea na jina mpaka mahakama iamue."

Dai hili huwagharimu watu kuliko mengine yote, maana huchanganya maswali mawili. Nani alivunja mkataba ni swali la fidia. Nani anaruhusiwa kutumia jina leo ni swali lingine, na hujibiwa na hali ya mkataba leo. Ukiamini umesitishwa kwa hila, njia ni kuomba zuio la muda upesi, kabla tarehe ya mwisho haijafika. Ukikosa zuio, shusha jina huku ukidai fidia. Katika kesi ya Burger King dhidi ya mwendeshaji wake wa zamani, iliyoamuliwa Marekani mwaka 1983, mwendeshaji aliyeendelea kutumia chapa baada ya kusitishwa alijikuta akidaiwa faida aliyoipata kipindi hicho.

Hata pale mlango unapobaki wazi, biashara huweza kufa kwa ndani. Kaskazini na mashariki mwa India, McDonald's ilikuwa na mbia wa nusu kwa nusu tangu 1995. Walipogombana, Agosti 2017 McDonald's ilisitisha mikataba ya migahawa 169, ikidai mrabaha haukulipwa, na ikataka jina, nembo na mapishi viachwe ndani ya siku 15. Siku hizo zilipita na migahawa mingi ikaendelea kuuza kwa jina lile lile. Lakini mwishoni mwa mwaka kampuni iliyokuwa ikisambaza mahitaji ilijitoa, na makumi ya migahawa yakafungwa kwa kukosa bidhaa. Ugomvi uliisha Mei 2019, McDonald's iliponunua hisa za mbia wake. Msambazaji, benki na mwenye nyumba husoma barua ya kusitisha kama wewe, na hawalazimiki kusubiri hukumu.

Dai la tano: "Mkataba umekufa, hatudaiani." Na jibu la upande wa pili: "Utalipa miezi yote iliyobaki."

Pande zote mbili zimepitiliza. Tuchukue mfano wa mgahawa wa kuku unaouza shilingi milioni 60 kwa mwezi. Mrabaha ni asilimia 5, yaani milioni 3, na mchango wa matangazo ni asilimia 2, yaani milioni 1.2. Mwendeshaji hajalipa miezi minne, mwenye chapa anasitisha, na mkataba ulikuwa umebakiza miezi 20.

Milioni 16.8 za miezi minne ni deni lililokwisha kuiva. Kusitishwa hakulifuti. Karibu kila mkataba huongeza masharti yanayoendelea kuishi: kutunza siri za mapishi, kumruhusu mwenye chapa kukagua vitabu vya mauzo ya nyuma, na kubeba lawama za mteja aliyedhurika kabla ya siku ya mwisho. Mishahara, kodi na pango ni vya mwendeshaji tangu mwanzo, na vocha za zawadi zilizokwisha kununuliwa zinahitaji makubaliano ya nani atazipokea.

Milioni 84 za miezi 20 ijayo ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 73 hufidia hasara iliyotokana na uvunjaji, na huangalia pia kama aliyedhurika alikuwa na njia ya kuipunguza. Mwenye chapa akifungua tawi jipya mtaa wa pili baada ya miezi mitatu, hasara yake si ya miezi 20 tena. Hata kama kiasi kimetajwa mkatabani, kifungu cha 74 hukifanya kuwa kikomo, na ndani yake mahakama hutoa fidia inayofaa. Huko California, katika kesi ya Postal Instant Press ya mwaka 1996, mahakama ilikataa madai ya mrabaha wa baadaye kwa sababu mapato hayo yalikatwa na uamuzi wa mwenye chapa mwenyewe wa kusitisha.

Sharti la kutofanya biashara ileile nalo lina mipaka. Kenya ina sheria mahsusi kuhusu mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24, inayoiruhusu Mahakama Kuu kulikataa sharti lisilo la haki. Mwaka mmoja ndani ya mji mmoja huweza kupita. Kumkataza mtu kuuza kuku nchi nzima kwa miaka kumi ni vigumu kutetea.

Kwa hiyo usikubali makabidhiano ya mdomo. Kabla ya kulipa hizo milioni 16.8, dai barua yenye vitu vitatu: hesabu ya mwisho hadi tarehe fulani, uthibitisho kwamba mabango na nembo vimeondolewa kama walivyotaka, na orodha ya masharti yanayoendelea pamoja na tarehe ya mwisho ya kila moja. Mwenye chapa akikataa kutaja tarehe hizo, hapo ndipo ulipo ugomvi uliobaki, na ni nafuu kuubishania sasa ungali umeshika fedha anayoitaka.