"Hatukuweza kuthibitisha" si sawa na "umedanganya"

Jamani, leo naandika nikiwa na hasira, basi mnivumilie. Hasira yangu ni ya ujumbe wa Watsap wa maneno kumi na sita tu. Huu hapa, neno kwa neno:

"Habari. Ofa yako imefutwa. Tumewasiliana na mwajiri wako wa zamani, tumegundua umetoa taarifa za uongo. Asante."

Ulitumwa Ijumaa, tarehe 21 Machi 2025, saa 11 jioni, kwa rafiki yangu niliyesoma naye. Ni mhasibu. Jina lake silitaji, na kampuni iliyomtumia pia siitaji. Anayewafahamu atawafahamu.

Mambo yalianza hivi. Jumatatu ya tarehe 3 Machi alipokea barua ya ofa: kazi ya uhasibu, mshahara umetajwa, tarehe ya kuanza 1 Aprili, na mahali pa kusaini. Akasaini siku hiyohiyo. Kesho yake akampelekea bosi wake barua ya kuacha kazi, kwa sababu mtu anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kisheria kutoa notisi isiyopungua siku 28. Kila kitu alikifanya kwa utaratibu. Kampuni mpya ilianza kuwapigia simu wadhamini wake baada ya hapo! Yaani kwanza wamemvusha mto, halafu ndiyo wakaenda kukagua mtumbwi.

Na huo uongo ni upi? Kwenye wasifu wake aliandika kwamba alifanya kazi kampuni fulani kuanzia Januari 2021 hadi Desemba 2023. Afisa utumishi wa kampuni ile alipoulizwa, alifungua faili na kujibu: "Kwetu aliondoka Juni 2023." Tofauti ya miezi sita. Hapo wakaamua kwamba mtu huyu ni mwongo.

Kumbe Julai 2023 kampuni ile iliwahamishia wahasibu wake wadogo kwa wakala wa ajira. Wenzangu wa mjini mnaijua hii. Unabaki kwenye meza ileile, na bosi yuleyule, na kikombe chako cha chai kilekile, ila kwenye makaratasi mwajiri wako ni wakala. Afisa utumishi hakudanganya, na rafiki yangu naye hakudanganya. Taarifa yake ya michango ya NSSF ingemaliza ubishi kwa dakika tano, maana inaonyesha mwezi kwa mwezi ni mwajiri gani aliyechangia. Hakuna aliyemwomba.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mimi ni mwandishi wa habari. Nikipata habari kwamba fulani amekula fedha za kijiji, mhariri wangu ana swali moja kabla ya yote: "Umempigia?" Nikisema bado, habari inarudi mezani. Hata kama nina karatasi, hata kama nina mashahidi watatu. Mtuhumiwa lazima aulizwe, na jibu lake liandikwe. Sasa kwa nini afisa rasilimali watu, ambaye kwa simu moja anaweza kumfanya mtu akose kodi ya nyumba, awe na uhuru kuliko mhariri wa gazeti?

Nilipowauliza watu wawili wa fani hiyo, walinijibu kinyume kabisa. Wa kwanza alisema: "Mwambie ukweli mtupu, amedanganya, basi." Wa pili alisema: "Usiandike sababu yoyote. Sababu ni kamba, unajifunga mwenyewe." Naona wote wawili wamekosea, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na huyu wa ukweli mtupu. "Umetoa taarifa za uongo" ni tuhuma. Inasema mtu alijua ukweli akakusudia kuupotosha. Ukiiandika na ikamfikia mtu wa tatu (wakala aliyekuletea jina, au mdhamini uliyerudi kumsimulia), umefungua mlango wa madai ya kashfa. Ukweli ni utetezi, sawa, lakini lazima uweze kuuthibitisha. Hawa walikuwa na nini mkononi? Tarehe mbili zisizolingana. Tarehe kutolingana ni jambo unaloweza kulithibitisha. Uongo ni tafsiri yako ya jambo hilo, na kwa rafiki yangu tafsiri haikuwa sahihi.

Sasa huyu wa kunyamaza. Ushauri wake unaonekana wa busara hadi mtu aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au mahakamani. Pale utaulizwa sababu, na utatakiwa kuitoa. Sababu inayozaliwa baada ya mgogoro ina harufu mbaya. Kubaya zaidi ni ile barua ya uongo wa adabu: "Kutokana na mabadiliko ya bajeti..." halafu wiki inayofuata nafasi ileile inatangazwa tena. Hapo mwajiri ndiye aliyetoa taarifa za uongo, na kwa maandishi.

Lakini kabla ya maneno ya kuondoa ofa kuna swali kubwa zaidi: barua ya ofa ilisema nini? Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, pendekezo linaweza kuondolewa kabla halijakubaliwa. Likishakubaliwa bila masharti, mna mkataba. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtambua mwajiriwa kama mtu aliyeingia mkataba wa ajira. Haisemi hadi siku atakapokalia kiti. Ni kweli kwamba kinga ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, na waajiri wengi wanajificha hapo. Lakini kuvunja mkataba ni hoja nyingine, na hasara ya mtu aliyeacha kazi kwa kuamini saini yako inahesabika kwa shilingi.

Barua ya rafiki yangu niliisoma mara mbili. Hakuna mstari unaosema kwamba ajira itategemea uhakiki wa taarifa. Hata mmoja! Mstari mmoja tu ungeilinda kampuni kuliko wakili yeyote: "Ofa hii itategemea uhakiki wa vyeti na taarifa za kazi zako za awali utakaoturidhisha. Tunakushauri usiache kazi uliyonayo hadi tutakapokuandikia kwamba uhakiki umekamilika." Sentensi ya kwanza inamlinda mwajiri. Ya pili inamlinda mtu. Zote mbili hazimalizi wino wa kalamu.

Tuseme sasa mstari huo ulikuwapo, na simu ya mdhamini imeleta tofauti ya tarehe. Kinachofuata ni swali, na uamuzi ungoje. Ningeandika hivi, tarehe ileile 21 Machi:

"Katika kuhakiki taarifa zako, kipindi ulichoandika kwa mwajiri wako wa awali (Januari 2021 hadi Desemba 2023) hakikulingana na tulichoelezwa (hadi Juni 2023). Tunaomba maelezo yako, pamoja na kielelezo chochote ulichonacho, ifikapo Jumatano tarehe 26 Machi saa 10 jioni. Bado hatujafanya uamuzi."

Angalia lugha yake. Haimtaji aliyesema, wala haisemi nani mkweli. Inataja jambo moja tu, lenye tarehe, ambalo mtu anaweza kulijibu kwa karatasi. Kwa rafiki yangu mambo yangeishia hapo: angeleta taarifa ya NSSF na mkataba wa wakala, na tarehe 1 Aprili angekuwa kazini.

Na kama maelezo hayatoshi? Basi ofa iondolewe, na barua iwe fupi:

"Barua yetu ya tarehe 3 Machi ilieleza kwamba ajira itategemea uhakiki utakaoturidhisha. Tarehe 21 Machi tulikuomba maelezo, na tumeyapitia uliyotuletea tarehe 25 Machi. Kwa taarifa zilizopo hatukuweza kuthibitisha kipindi hicho cha ajira. Sharti hilo halikutimia, hivyo tunaondoa ofa. Hatutoi hukumu yoyote juu ya uaminifu wako."

"Hatukuweza kuthibitisha." Hilo ni neno la mtu anayejua mpaka wa anachokijua. Ni kweli leo, itakuwa kweli mbele ya msuluhishi, na haimchafui mtu. Barua iende kwake peke yake. Wadhamini hawana haja ya kujua matokeo. Majibu yao nayo yaandikwe: nani alisema nini, saa ngapi, kwa cheo gani. Lakini usiandike kwa kuamini kwamba faili ni pango lako. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mhusika ana haki ya kuomba kuona taarifa zake na kutaka zilizokosewa zirekebishwe.

Kuna jambo hata barua nzuri haiwezi kuliosha. Simu ya mdhamini wakati mwingine inaleta maneno kama "ni mtu wa siasa", au "siku hizi ana mimba", au "alikuwa na wale wa chama cha wafanyakazi". Mwajiri akishtuka, anatafuta sababu safi ya kuandika. Sheria ile ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama maoni ya kisiasa na ujauzito, na inamlinda hata mwombaji wa kazi, siyo aliyeajiriwa tu. Tofauti ndogo ya tarehe ikitumika kama blanketi la kufunika sababu ile nyingine, utagundulika kwa swali moja: je, mwingine mwenye tofauti kama hiyo mlimwondoa pia?

Na kama barua ya ofa haikuwa na sharti, kama hii ya rafiki yangu? Usiandike barua ya kujifanya lilikuwapo. Mwite mtu, msikilize, na kama bado humtaki, zungumza fidia. Maneno mazuri hayageuzi mkataba kuwa ahadi ya mezani.

Rafiki yangu alipeleka vielelezo vyake Jumatatu ya tarehe 24. Akajibiwa: "Uamuzi umeshafanyika." Kazini kwake kwa zamani nafasi ilikuwa imeshapata mtu. Tuliandika barua mbili. Baada ya ya pili wakamlipa mshahara wa mwezi mmoja "bila kukiri kosa lolote". Aliuchukua, kwa sababu mwenye nyumba hapokei kanuni. Lakini mpaka leo hawajaufuta ule ujumbe wa maneno kumi na sita, wala kusema kwamba hakudanganya.

Ninachowadai si huruma. Nawadai simu moja, ile ambayo mhariri wangu hunidai kila siku kabla sijaandika jina la mtu: "Tumesikia hivi. Wewe unasemaje?"